Mnyororo Unaoongeza Uzito Njiani

Kilo 100 zilizo mabegani mwa mtu anayepiga skwoti ni zile zile kuanzia juu hadi chini, ila nguvu za anayezibeba zinabadilika kila sentimita. Akiwa amesimama wima, anaweza kutembea na mzigo huo hatua kadhaa. Akichuchumaa mpaka mapaja yakalala sambamba na sakafu, mzigo huo huo unamtoa jasho, na akizidisha sahani chache hainuki tena.

Sababu iko kwenye viungo. Mtu akiwa chini, nyonga zimesogea nyuma na magoti mbele, kila kimoja kikiwa mbali na mstari ulionyooka ambao uzito unashukia. Umbali huo ndio wenzo: kadiri unavyorefuka, ndivyo misuli ya mapaja na makalio inavyolazimika kuvuta zaidi kwa mzigo ule ule. Anapopanda, nyonga na magoti vinarudi kwenye mstari, na wenzo unafupika hadi karibu na sifuri. Ndiyo maana mtu ambaye kikomo chake cha skwoti kamili ni kilo 100 mara nyingi anamudu 130 au zaidi akishuka robo tu. Walimu wa mazoezi huchora jambo hili kama mstari: chini ya karatasi unaandika kimo cha baa, pembeni unaandika nguvu anazoweza kutoa mtu. Kwa skwoti na benchi presi mstari unapanda.

Matokeo yake ni kwamba baa ya kawaida inakupima mahali ulipo dhaifu tu. Sehemu ya juu ya safari inapita bila misuli kufanya kazi ya maana. Tena kuna jambo jingine: ukiisukuma baa kwa kasi, lazima uanze kuizuia kabla ya kufika juu, vinginevyo itakuruka mabegani. Sehemu nzuri ya zoezi inakwenda kwenye kupunguza mwendo.

Watu wamelitafutia dawa tatizo hili kwa njia mbalimbali. Mmarekani Arthur Jones alitengeneza mashine za Nautilus zenye gurudumu lisilo la duara, ambalo lilibadilisha wenzo kadiri mashine ilivyozunguka. Minyororo na mipira ikapata umaarufu mkubwa baadaye, katika miaka ya 1990, kupitia ukumbi wa Westside Barbell mjini Columbus, jimbo la Ohio, uliokuwa wa Louie Simmons aliyefariki mwaka 2022. Wazo la mnyororo ni jepesi kulieleza: fundo lake likiwa sakafuni, uzito wake unabebwa na sakafu, baa ikipanda, pete moja baada ya nyingine zinainuka na kuwa mzigo wako.

Lakini kulitekeleza ni suala la sentimita, na hapo ndipo kumbi nyingi zinapokosea. Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho.

Mpiga skwoti wetu anabeba baa ikiwa sentimita 145 kutoka sakafuni akisimama, na sentimita 85 akiwa chini kabisa. Safari yake basi ni sentimita 60. Ana minyororo miwili, mmoja kila upande, kila mmoja una urefu wa mita moja na nusu na uzito wa kilo 9, yaani kilo 6 kwa kila mita. Kwenye baa ameweka sahani hadi jumla ikafika kilo 100.

Njia ya kwanza, na ndiyo inayoonekana sana, ni kuutupia mnyororo juu ya ncha ya baa ili pande zake mbili zining'inie. Kila upande unashuka sentimita 75. Mtu akisimama, ncha za mnyororo ziko sentimita 70 juu ya sakafu. Akishuka hadi chini, bado ziko sentimita 10 juu. Mnyororo haukugusa sakafu hata mara moja! Alichobeba ni kilo 118 mwanzo hadi mwisho, pamoja na kelele na baa inayoyumba. Angeongeza sahani angepata kitu kile kile, tena kwa utulivu.

Njia ya pili ni kuufunga mnyororo kwa ncha moja, ukashuka wima. Juu, sentimita 145 za mnyororo ziko hewani, ambazo ni kilo 8.7 kila upande. Chini zinabaki 85, ambazo ni kilo 5.1. Kwa pande zote mbili, mzigo mzima ni takriban kilo 110 chini na 117 juu. Kuna mabadiliko, ila ni kilo 7 tu, na mahali ambapo mtu ni dhaifu ameongezewa kilo 10 bila kukusudia.

Njia ya tatu inahitaji kitu kimoja cha ziada: mnyororo mwembamba, mwepesi, wa kuning'inizia. Unaufunga kwenye baa ushuke sentimita 75, kisha mwishoni mwake unatia ndoano, na mnyororo mzito unapitishwa kwenye ndoano hiyo katikati yake ili uning'inie mara mbili. Mtu akisimama, ndoano iko sentimita 70 kutoka sakafuni. Pande mbili za sentimita 70 ni mita 1.4 hewani, yaani kilo 8.4, na pete chache zimebaki zikigusa sakafu ili mnyororo usibembee. Akiwa chini, ndoano iko sentimita 10 tu juu ya sakafu: kilo 1.2. Kwa pande mbili, mzigo mzima ni kilo 102 chini na karibu 117 juu. Tofauti imekuwa kilo 14, mara mbili ya njia ya pili, kwa minyororo ile ile na sahani zile zile. Siri ni kule kukunja: kila sentimita ambayo baa inapanda, sentimita mbili za mnyororo zinainuka.

Akihamia benchi presi, vipimo vyote vinaanza upya. Baa iko chini zaidi na safari ni fupi, pengine sentimita 40, kwa hiyo mnyororo mwembamba lazima ufupishwe na tofauti itakuwa ndogo. Anayesahau kufupisha ataona mnyororo mzito ukilala wote sakafuni baa inapokuwa chini, na mzigo ukiwa mwepesi kuliko alivyodhani.

Mipira inafanya kazi hiyo hiyo kwa tabia nyingine. Inafungwa chini, kwenye nguzo za fremu au kwenye vyuma vizito, na ncha ya pili inavishwa baa. Kama manati, kadiri unavyoivuta ndivyo inavyokaza. Tofauti na mnyororo ni kwamba haitegemei mvutano wa dunia: mtu anapoanza kushuka, mpira unamvuta chini kwa kasi kuliko uzito ungeanguka wenyewe, na misuli inalazimika kufunga breki kwa nguvu zaidi. Wapo wanaoitafuta hali hiyo. Anayeanza, ambaye bado magoti yake yanaingia ndani akichoka, hana sababu ya kuitafuta.

Ubaya mwingine wa mpira ni kwamba hausemi ukweli wake. Mnyororo unaupima mara moja kwenye mizani na kazi imekwisha. Mpira unalegea kwa matumizi, na jua, joto na mafuta vinauchakaza, kiasi kwamba miwili iliyonunuliwa siku moja inaweza kuvuta tofauti baada ya muda. Ukiona baa inapanda imeinama upande mmoja, chunguza mipira kabla ya kumlaumu mwenye mgongo. Kipimo ni rahisi: chukua mizani ya ndoano, ile ya kupimia magunia au mabegi ya safari, vuta mpira mpaka kimo cha baa mtu akiwa chini, soma kilo, kisha vuta mpaka kimo cha kusimama, soma tena. Fanya hivyo kwa kila mpira. Wanaotumia vipande vya tyubu ya gari wana sababu zaidi ya kupima, maana hakuna kiwandani aliyewahi kuviandikia uzito. Na mpira wenye mipasuko midogo pembezoni haurudishwi kwenye baa, kwa sababu ukikatika unapiga uso na baa inapinda upande wa pili kwa ghafla.

Je, mzigo huo unaopanda unalingana kweli na mstari wa nguvu za mwili? Kwa jumla, ndiyo. Kwa undani, sivyo. Mnyororo unaongeza uzito kwa kiwango kile kile kila sentimita. Mwili hauendi hivyo. Katika skwoti, mahali ambapo watu wengi wanakwama si chini kabisa, ni juu kidogo ya hapo, mapaja yanapoupita usawa wa sakafu. Katika benchi presi ni sentimita kadhaa juu ya kifua. Baa ikifika hapo, mnyororo umekwisha kuanza kuongeza. Kwa hiyo mtu anayekwama chini hasaidiwi moja kwa moja na kifaa kinachopunguza mzigo mahali anapohitaji mazoezi.

Jambo hili linanifanya niitazame Westside kwa jicho la pili. Wanyanyuaji wake walishindana wakiwa wamevaa suti na fulana ngumu zinazobana, ambazo huhifadhi nguvu mtu anaposhuka na kumsukuma anapoanza kupanda. Kwao chini kulikuwa na msaada, na pambano lilikuwa juu. Minyororo iliwafaa kama ilivyofaa. Kijana anayenyanyua kwa kaptula na fulana ya kawaida ana pambano mahali pengine, na kuiga mpango wao kama ulivyo ni kutibu ugonjwa wa jirani.

Hata hivyo faida ipo. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wanamichezo wa Chuo Kikuu cha Cornell kwa wiki saba: waliochanganya mipira na vyuma, mpira ukichukua takriban moja ya tano ya mzigo, waliongeza nguvu katika skwoti na benchi presi kuliko wenzao waliotumia vyuma pekee. Tafiti nyingine hazikuona tofauti kubwa. Mimi ningevitumia kwa siku za kasi, uzito ukiwa wa kati, ambapo mtu anaweza kusukuma hadi juu bila kuizuia baa, na siku nyingine ningebaki na sahani.

Kuna mazoezi ambayo havifai kabisa. Ukiinama na kuivuta baa kuelekea tumboni, nguvu zako ni nyingi mwanzoni na chache baa inapokaribia mwili. Mstari unashuka. Ukitundika mnyororo hapo, unaongeza mzigo pale pale nguvu zinapoisha, na utajua kwa dalili moja: baa haifiki tena tumboni, na kiwiliwili kinaanza kuinuka ili kuifuata.

Kwa skwoti ya mfano wetu, kama mtu alikuwa akipiga kilo 110 mara tano, aanze na zile 100 na minyororo iliyotundikwa kwa njia ya tatu. Wastani wa safari nzima utakuwa karibu na 110 ile ile. Daftarini aandike namba mbili, 102 na 117, na urefu wa mnyororo mwembamba. Asipoandika urefu huo, wiki ijayo mwingine atafunga ndoano pete tatu juu zaidi, naye atadhani nguvu zimepungua.