Riba ya ovadrafti, siku kwa siku

Mwisho wa mwezi mwenye ovadrafti hukuta mstari mmoja kwenye taarifa ya akaunti yake: riba, halafu kiasi. Mstari huo hauonyeshi kiasi hicho kimepatikanaje. Lakini karibu kila kinachohitajika kuupima kimo kwenye taarifa ileile, kwa sababu riba ya ovadrafti haitozwi juu ya kiwango ulichoruhusiwa kukopa. Inatozwa juu ya deni ulilolala nalo kila usiku.

Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi lenye ovadrafti ya mwisho shilingi 15,000,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Juni inaanza duka likidaiwa 8,000,000. Ijumaa tarehe 5 linalipia saruji na mabati 6,000,000, na deni linapanda hadi 14,000,000. Ijumaa tarehe 12 linaingiza hundi ya mteja ya 5,000,000, deni likabaki 9,000,000. Jumapili tarehe 21 mauzo yaliyolipwa kwa simu yanaingia 11,000,000, na akaunti inakuwa na ziada ya 2,000,000. Tarehe 25 analipwa msambazaji 13,000,000, na deni linarudi kuwa 11,000,000 hadi mwezi unaisha. Tarehe 30 benki inakata riba: 146,000.

Hatua ya kwanza ni kuitoa taarifa kwenye PDF na kuiweka kwenye jedwali la kompyuta, na hapa ndipo hesabu nyingi huharibika hata kabla ya riba kutajwa. Tarehe ndizo zinazodanganya kwa urahisi. Kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Kimarekani huisoma 05/06 kuwa tarehe 6 Mei, lakini ikifika 21/06 haioni mwezi wa ishirini na moja, basi inaiacha kama maandishi matupu. Ukiona kwenye safu ya tarehe baadhi zimekaa kulia na nyingine kushoto, umeshamkamata mwizi. Kiasi chenye herufi DR mwishoni nacho hugeuka maandishi, na mistari ya salio lililohamishwa kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine huingia kana kwamba ni miamala.

Kwa hiyo usianze na riba. Anza kwa kuhakikisha kwamba salio la kila mstari ni salio la mstari wa juu yake pamoja na kiasi kilichoingia au kutoka. Mahali salio lako linapoachana na la benki, kuna mstari uliopotea au uliorudiwa, na unajua ni upi.

Sasa panga safu hivi: A iwe tarehe ya muamala, B tarehe ya thamani, C kiasi (kilichotoka kiwe na alama ya kutoa), D salio. D2 ni salio la kuanzia mwezi. Kwenye E andika siku zote za mwezi, tarehe 1 hadi 30, wikiendi na sikukuu zikiwemo, maana deni halipumziki Jumapili. Kwenye F weka salio la kila siku:

```
=$D$2+SUMIF($A$3:$A$60,"<="&E2,$C$3:$C$60)
```

Fomula hii inabeba salio la jana hadi leo pale ambapo hakuna muamala, na siku yenye miamala mingi inachukua salio la kufungia siku. Mstari wa riba yenyewe uondoe kwanza. Ukiuacha, salio la tarehe 30 litakuwa na riba ndani yake, na utajikuta unatoza riba juu ya riba ya siku hiyohiyo. Kwenye mfano wetu kosa hilo ni shilingi 72 tu, lakini linatosha kuvuruga ulinganishaji. Kisha riba:

```
=-SUMIF(F2:F31,"<0")*0.18/365
```

Zinahesabiwa siku zenye deni peke yake. Zile siku nne, tarehe 21 hadi 24, duka lilikuwa na ziada. Hazizai riba, lakini pia hazipunguzi riba ya siku nyingine. Kwa mkono ni vilevile: 8,000,000 kwa siku 4, 14,000,000 kwa siku 7, 9,000,000 kwa siku 9, na 11,000,000 kwa siku 6. Zidisha kila deni kwa siku zake na ujumlishe, unapata 277,000,000. Mara 0.18, gawanya kwa 365: shilingi 136,602.74.

Benki imekata 146,000. Tofauti ni 9,397.26, na wengi wakifika hapa hukimbilia tawini kugombana. Ni mapema mno. Tofauti hiyo inaweza kuwa na sababu zaidi ya moja, na si lazima zote ziwe kosa la benki.

Rudi kwenye safu B. Taarifa nyingi zina tarehe mbili: siku muamala ulipoandikwa, na siku benki inapoanza kuzitambua fedha hizo katika riba, yaani tarehe ya thamani. Hundi iliyoingizwa Ijumaa tarehe 12 ina tarehe ya thamani Jumatatu tarehe 15. Kwa siku tatu hizo salio lililochapishwa lilionyesha deni la 9,000,000, kumbe kwa riba deni lilikuwa bado 14,000,000. Badilisha A kuwa B ndani ya fomula ya kwanza, na riba inakuwa 144,000 kamili. Milioni tano kwa siku tatu zimeeleza 7,397.26. Hundi ilikuwa bado haijalipwa na benki ya aliyeiandika, hivyo sehemu hii ni vigumu kuipinga, ila kama siku za kusubiri zinazidi zile zilizotajwa kwenye masharti ya akaunti. Huo ndio ulinganisho wa kufanya: tarehe ya thamani dhidi ya masharti.

Zimebaki 2,000. Gawanya 146,000 kwa 144,000, unapata 1.01389. Sasa gawanya 365 kwa 360: ni namba ileile. Hii ndiyo alama ya kuikariri. Benki imegawanya mwaka kwa siku 360 huku ikitoza siku zote halisi, kwa hiyo asilimia 18 ya kwenye karatasi imekuwa asilimia 18.25 kwenye akaunti. Kugawanya kwa 360 ni desturi ya kawaida kwa mikopo ya dola na yuro, na kama barua ya masharti ya mkopo imeutaja utaratibu huo, mteja amekubali kwa saini yake. Kama barua imeandika 365, hizo 2,000 ni zake.

Zipo sababu nyingine, nazo zina sura zake. Riba ikibadilika katikati ya mwezi, igawe hesabu vipande viwili siku ile ya mabadiliko. Deni likivuka kikomo, hapa 15,000,000, benki nyingi hutoza kiwango cha juu zaidi kwa kile kilichozidi. Tofauti hapo hutokea miezi ya kuvuka kikomo tu. Ile ya 360 hujirudia kila mwezi kwa uwiano uleule, nayo ndiyo inayofaa kufuatiliwa nyuma.

Ukifika benki, nenda na jedwali la siku 30, nakala ya barua ya masharti, na ombi moja lililo wazi: benki itoe salio la kila siku, kiwango na kigawanyo ilichotumia. Dawati la malalamiko la Benki Kuu ya Tanzania nalo hupokea wateja ambao benki zao zimeshindwa kuwapa jibu la kuridhisha. Na marejesho yasiishie kwenye 2,000 za Juni. Riba iliyokatwa huingia kwenye deni, hivyo zile 2,000 zilianza kuzaa riba yake tarehe 1 Julai. Zirudishe kwenye jedwali kwa tarehe iliyokatwa, hesabu upya miezi yote iliyofuata, na udai jumla hiyo.