Je, Wajua? Mpita njia aliyekatwa na mshono huondolewa kabla ya picha kuunganishwa

Panorama ikionyesha mpita njia nusu mwili, wengi hukimbilia kumfuta kwenye picha iliyokwisha kuunganishwa. Hapo wamechelewa, kwa maana programu imeshachagua kipande kimoja na kutupa kingine, na ukuta uliokuwa nyuma yake utabidi ubuniwe. Ukweli ni kwamba ukuta huo mara nyingi umo kwenye picha za awali: eneo la mpishano lilipigwa mara mbili, naye alikuwa akitembea, hivyo alipoficha matofali katika picha ya kwanza, ya pili huyaonyesha wazi. Katika programu ya Hugin, fungua sehemu ya Masks, mzungushie umbo lake pamoja na kivuli katika kila picha, chagua Exclude region, kisha unganisha upya, mshono utamkwepa.

Mtu atauliza: je, akiwa amesimama tu? Hapo hoja ina mpaka. Maeneo uliyoyazuia katika picha mbili yakiangukia sehemu ileile, hubaki tundu tupu, na kunakili matofali ya jirani ndiko kunakosalia. Ndiyo maana inafaa kupiga picha ya ziada akishaondoka.