Balansi inapokataa: franka 18.000 ziko wapi?

Katika vikundi vyetu mwisho wa mwezi huleta maneno. Mwandishi anajumlisha, pande mbili hazilingani, na macho yote yanamgeukia mama mtunza sanduku. Kabla ya kumshitaki mtu, tuulize kwanza namba zenyewe.

Tuchukue mfano wa kikundi kinachopika sabuni. Kwa mwezi mmoja, daftari la kila siku lina mambo manne: wanamemba waliweka akiba ya franka 250.000, walinunua mawese na soda kwa 146.000, waliuza sabuni kwa 198.000, walilipa usafiri 12.500.

Kila jambo linahamishwa kwenye daftari kubwa, ambamo kila konti ina ukurasa wake. Upande wa kushoto unaitwa debi, wa kuume unaitwa kredi. Kila kiasi kinaandikwa mara mbili: debi ya konti moja na kredi ya konti nyingine. Feza ikiingia sandukuni, tunaandika debi ya konti ya sanduku, ikitoka, kredi. Kwa hiyo mawese na soda yanaandikwa kredi ya sanduku 146.000, na debi ya manunuzi 146.000.

Mwishoni tunatafuta salio la kila konti. Katika sanduku ziliingia 448.000, zikatoka 158.500, zimebaki 289.500. Kisha tunapanga masalio yote. Huo mpango ndio balansi. Lakini mwandishi wetu amepata hivi:

Debi: sanduku 289.500, manunuzi 164.000, usafiri 12.500. Jumla 466.000.
Kredi: akiba 250.000, mauzo 198.000. Jumla 448.000.

Tofauti ni 18.000. Tufanye nini?

Kwanza tujumlishe upya, kutoka chini kwenda juu. Jumla ni zile zile. Pili, tutafute kama kuna 18.000 iliyosahauliwa upande mmoja. Haipo. Tatu, tugawe tofauti kwa 2, maana kiasi kilichoandikwa upande usio wake huleta tofauti mara mbili yake. Tunapata 9.000, nayo haimo katika daftari.

Sasa tugawe kwa 9. 18.000 kwa 9 ni 2.000 kamili, bila kubaki kitu. Hiyo ni alama ya tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Sababu yake ni nyepesi. Chukua 46 na 64. Tarakimu inayotoka nafasi ya makumi kwenda nafasi ya moja-moja inapoteza mara 9 ya yenyewe. Ile inayopanda inaongeza mara 9 ya yenyewe. Kwa hiyo tofauti ni lazima 9 mara tofauti ya tarakimu zile: 6 kutoa 4 ni 2, na 9 mara 2 ni 18.

Jibu letu, 2.000, linatuonyesha pia pa kutafuta: nafasi ya maelfu na ile ya makumi elfu, tarakimu mbili zinazopishana kwa 2. Katika 250.000 ni 5 na 0, katika 198.000 ni 9 na 8, katika 12.500 ni 1 na 2. Hizo hazifai. Zinabaki 164.000 ya manunuzi na 146.000 ya sanduku, ambazo ni jambo moja lililoandikwa mara mbili. Ipi ni ya kweli? Resi ya muuzaji inaamua: 146.000. Tunapiga mstari mmoja juu ya 164.000, namba ya zamani ionekane bado, tunaandika 146.000 na kuweka sahihi. Debi inakuwa 448.000, sawa na kredi.

Tena, hesabuni feza za sandukuni mbele ya wote. Zikiwa 289.500, hakuna franka iliyopotea. Zile 18.000 hazikuwahi kuwa feza; zilikuwa wino tu.

Lakini tuangalie mambo mawili. Kugawanyika kwa 9 si ushuhuda kamili: sifuri iliyosahauliwa, kama 1.250 badala ya 12.500, inaleta pia tofauti inayogawanyika kwa 9, na makosa mawili yaliyochanganyika yanaweza kufanya vile vile kwa bahati. La pili ni kubwa zaidi. Kama 164.000 iliandikwa tangu daftari la kila siku, itahamishwa pande zote mbili, na balansi italingana kabisa. Hapo konti ya sanduku itasema 271.500 wakati sanduku lenyewe lina 289.500. Kosa la namna hiyo linafunuliwa na kuhesabu feza na kusoma resi tu. Ndiyo maana resi zitunzwe, na sanduku lihesabiwe hata mwezi ambao balansi imekubali.