Majina Matatu Kutoka Orodha ya Mia Tatu

Karibu-Kilifair, maonyesho ya utalii yanayofanyika Arusha mwezi Juni, hukutanisha watu wa kila aina: wenye hoteli, wenye ndege ndogo, washona mahema, wauza magari ya safari, na mawakala wa nje wanaotafuta safari za kwenda kuuza kwao. Katika maonyesho kama haya, orodha ya wenye mabanda hutangazwa mapema, na ya mawakala waalikwa mara nyingi hupewa wale waliolipia banda. Wengi huifungua usiku wa kuamkia maonyesho, wakapitisha macho na kuifunga. Kwa kampuni ndogo, naona hasara hiyo ni kubwa kuliko kukosa banda zuri.

Tuchukue mfano wa vijana wanne wa Lushoto wanaoongoza wageni kwa miguu katika milima ya Usambara, kutoka mjini hadi Mtae, siku tatu au nne, wakilala vijijini njiani. Wana banda dogo la pamoja na wenzao wa Tanga. Mbele yao kuna orodha ya majina mia tatu, na nawashauri wachague watatu tu. Mazungumzo yenyewe yatachukua dakika ishirini, lakini kumjua mtu kabla hujaketi naye ni kazi ya saa mbili au zaidi. Atakayechagua ishirini ataishia kuwajua wote kwa majina ya kwenye kadi.

Kazi ya kwanza ni kufuta. Wauza bima, wauza mahema na wauza programu za kompyuta wote wanaondoka, kwa sababu wamekuja kuuza. Hata kwenye kampuni za utalii, mwenye cheo cha meneja mauzo naye amekuja kuuza. Anayetafutwa ni yule anayepanga safari mpya, ambaye kwenye orodha mara nyingi huandikwa meneja wa bidhaa, au meneja wa Afrika. Katika kampuni kubwa, huyu ana faida kwenu kuliko mkurugenzi mkuu, maana mkurugenzi atasikiliza kwa adabu kisha atawaelekeza kwake. Katika kampuni ya watu watano mambo ni tofauti: mwenye mali ndiye mpangaji, ndiye mwekaji saini.

Wakibaki kama sitini, ni wakati wa kufungua tovuti zao moja moja na kusoma safari wanazouza, siku baada ya siku. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Tuseme kuna kampuni mbili za Ujerumani. Ya kwanza inauza Kilimanjaro, na vijana wanafurahi: hawa wanapenda kutembea! Lakini wasome ratiba hadi mwisho. Siku ya nane mgeni anashuka kwa njia ya Mweka, miguu imekwisha, na siku ya tisa anapanda ndege kwenda Zanzibar. Mtu huyo hataki mlima mwingine, anataka kulala mchangani. Kampuni ya pili haina hata mlima mmoja wa Tanzania. Inauza mbuga kwa gari, Serengeti na Ngorongoro. Ila ukurasa wake wa Moroko na wa Madeira umejaa safari za kutembea saa nne au tano kwa siku na kulala kwenye nyumba za wageni, na picha zinaonyesha watu wazima wenye mvi. Wateja wa Usambara ni hao hao. Kampuni tayari inawajua, na Tanzania tayari inaiuza. Bado tu haijaviunganisha viwili hivyo. Jina la meneja wake wa Afrika ndilo la kwanza.

Wageni wawili wakubwa wanaonekana kama ndio mwisho wa kazi, lakini sivyo. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, kampuni inayouza safari iliyokamilika ndiyo inayowajibika kwa kila kipande chake, hata mgeni akiteguka mguu Rangwi. Kwa hiyo ni nadra kuingia mkataba moja kwa moja na vijana wanne wa kijijini. Inataka kampuni ya hapa yenye leseni, bima na ofisi, ambayo itabeba dhamana. Kampuni hiyo ndiyo itakayowalipa vijana, na mtu wake ndiye jina la pili.

Atajulikanaje, ikiwa Wajerumani hawamtaji kwenye tovuti? Angalieni picha zao za mbugani. Kuza ile ya Land Cruiser iliyosimama karibu na simba, utazame mlangoni au kwenye kifuniko cha tairi la akiba nyuma: mara nyingi jina la kampuni limeandikwa. Picha ikiwa haisomeki, someni maoni ya wageni waliorudi nyumbani, kwa kuwa wengi humshukuru dereva kwa jina na kutaja kampuni yake. Kisha mrudi kwenye orodha ya mabanda mtafute jina hilo. Likikosekana, simu ya kawaida kabla ya Juni itafanya kazi ile ile.

Jina la tatu haliko upande wa biashara kabisa. Njia ya vijana hawa hupita Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ambako mgeni hulipa kiingilio. Wakala wa Ulaya huhitaji bei ya mwaka ujao mwaka huu, kwa kuwa huchapisha safari zake mapema. Nao mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai, mwezi ambao tozo zinaweza kubadilika. Mkitaja bei leo na kiingilio kikapanda kesho, tofauti itatoka mfukoni mwenu. TFS wakiwa na banda, msichague ofisa wa uhusiano. Tafuteni mhifadhi wa Magamba mwenyewe, au ofisa utalii anayeshughulika na hifadhi hizo.

Ujumbe wa kuomba kuonana utumwe wiki mbili au tatu kabla, uonyeshe kwamba mmesoma. Kwa kampuni ya Arusha, kwa mfano: “Habari za kazi, dada. Sisi tunaongoza wageni Usambara. Tumeona mnawapokea wageni wa Ujerumani wanaotoka mbugani kuelekea pwani. Tunaomba dakika kumi na tano siku ya kwanza ya maonyesho, asubuhi, tuwaonyeshe siku tatu za kutembea zinazoanzia Lushoto, na bei yake.” Tumeni kwa mhusika mmoja mmoja. Ujumbe mmoja ukitumwa kwa majina mia tatu unatambulika haraka, na kutumia orodha namna hiyo kunawaudhi hata waandaaji.

Orodha nayo huchakaa. Mtu hubadilisha kazi au hughairi safari, na wakati mwingine hutuma msaidizi. Wiki moja kabla, hakikisheni tena, mkiwa na majina mawili ya akiba yaliyosomwa kwa kina kile kile. Mkiwa mezani, mtajua ndani ya dakika tano kama mlichagua vyema. Mgeni akiuliza kundi lina watu wangapi, mwezi gani njia huteleza, na nani anabeba gharama mtu akighairi, mko na mtu sahihi. Mkijikuta bado mnamwonyesha Lushoto iko wapi kwenye ramani, mshukuruni mapema mwachie nafasi.

Mpangilio wa kukutana nao ni huu: mhifadhi kwanza, kampuni ya Arusha pili, Mjerumani mwisho. Kwa mhifadhi mtapata kiingilio cha kuweka kwenye hesabu. Kwa kampuni ya Arusha mtajua kama iko tayari kubeba dhamana, na inaongeza kiasi gani juu ya bei yenu. Mjerumani atakapouliza bei kwa mtu mmoja kwa Septemba ya mwaka ujao, mtakuwa na tarakimu ya kumtajia, na kampuni anayoifahamu itakayoisimamia.