Anwani ya eCitizen iliyokosewa: jinsi ya kuifuta ili brauza isiikumbuke tena

JUNJU, KILIFI KUSINI – Mkazi anafungua simu aingie kwenye eCitizen kuomba cheti cha tabia njema. Kazi aliyoahidiwa hotelini inadai cheti hicho kabla ya wiki kuisha. Anaandika herufi mbili tu, “ec”, na brauza inamalizia anwani yote. Anabonyeza bila kusoma. Ukurasa unaofunguka si ule anaoujua, naye hafahamu amefikaje hapo.

Mara nyingi jibu liko kwenye historia ya simu yenyewe. Tuseme miezi mitatu iliyopita mkazi huyo aliandika “co” mahali pa “go”, anwani ikawa ecitizen.co.ke badala ya ecitizen.go.ke. Ikiwa kitu chochote kilifunguka siku ile, hata ukurasa wa matangazo matupu, brauza iliandika safari hiyo kama nyingine yoyote. Brauza haina njia ya kujua kwamba mwenyewe alikosea. Inachohesabu ni anwani zilizoandikwa, mara ngapi, na lini. Kila anapolikubali pendekezo lile, hesabu inaongezeka na kosa linapanda juu ya orodha. Ndiyo maana halipotei lenyewe kwa kupuuzwa leo na kubonyezwa kesho.

Tofauti ya herufi moja hapa si jambo dogo. Anwani zinazoishia go.ke hutolewa kwa taasisi za serikali pekee, ilhali zinazoishia co.ke huweza kusajiliwa na kampuni au mtu yeyote anayelipia. Hii haimaanishi kwamba kila co.ke ni ya ulaghai; kampuni ya umeme, kwa mfano, hutumia kplc.co.ke. Lakini anwani isiyo ya serikali inaweza kubadilisha mwenyewe, na iliyokuwa tupu mwezi uliopita ikawa na fomu ya kuomba nenosiri na namba ya simu mwezi huu.

Kufuta kwenye simu

Kwa wanaotumia Chrome kwenye simu za Android, fungua brauza na uguse kisanduku cha anwani kilicho juu. Andika herufi za mwanzo, mathalan “ec”, kisha usibonyeze kitufe cha kwenda. Mapendekezo yatajitokeza chini. Weka kidole juu ya pendekezo lenye makosa na ukishikilie hapo hadi simu iulize kama unataka liondolewe. Kubali.

Simu isipouliza chochote, tazama alama iliyo mbele ya pendekezo. Ikiwa ni ya kioo cha kukuzia, huenda pendekezo hilo linatoka kwenye mtandao wa kutafutia, wala si kwenye historia yako, kwa hiyo hakuna cha kufuta ndani ya simu. Ikiwa ni nyota, anwani hiyo ilihifadhiwa kama alamisho, nayo haitatoka mpaka alamisho yenyewe ifutwe.

Kufuta kwenye kompyuta

Katika Chrome na Firefox, andika herufi za mwanzo, kisha tumia mshale wa kushuka kwenye kibodi hadi pendekezo baya liwe na kivuli. Hapo bonyeza vitufe hivi kwa pamoja:

```
Shift + Delete
```

Pendekezo litatoweka papo hapo. Kwenye Chrome unaweza pia kupeleka mausi juu ya pendekezo na kubofya alama ya X inayotokea upande wa kulia.

Wakazi wanaotegemea saiba wana tatizo la ziada, kwa kuwa kosa la mteja wa asubuhi huwa pendekezo la mteja wa jioni. Wengine hufungua dirisha la Incognito wakidhani litawakinga. Dirisha hilo haliandiki safari mpya kwenye historia, lakini bado linaweza kupendekeza anwani za kale zilizokwisha kuandikwa humo. Kwenye kompyuta ya watu wengi, usalama ni kuandika anwani yote hadi herufi ya mwisho na kuisoma kabla ya kubonyeza Enter.

Inaporudi baada ya kufutwa

Wapo watakaofuta leo na kuliona pendekezo tena kesho. Sababu ya kawaida ni kwamba kilichofutwa ni ukurasa mmoja, na kurasa nyingine za anwani ileile zimebaki. Dawa yake ni kuingia kwenye historia yenyewe. Gusa nukta tatu zilizo pembeni mwa Chrome, chagua History, kisha tafuta sehemu iliyokosewa, kwa mfano “ecitizen.co”. Futa kila kinachojitokeza kwa kugusa X au alama ya pipa la taka iliyo mbele yake. Katika kompyuta, ukurasa huo hufunguka kwa kuandika:

```
chrome://history
```

Sababu nyingine ni akaunti moja ya Google kutumika kwenye simu na kompyuta. Ikiwa historia inashirikishwa kati ya vifaa hivyo, kosa lililofanywa kwenye kimoja huweza kujitokeza kwenye kingine. Angalia vyote viwili, kila kimoja kikiwa na mtandao.

Hakuna haja ya kufuta historia yote kwa sababu ya anwani moja. Anayefanya hivyo hupoteza pia anwani sahihi alizozizoea, na kama hakuangalia visanduku alivyotia alama, anaweza kujikuta ametolewa kwenye akaunti zake zote.

Kuweka anwani sahihi mahali pake

Baada ya kufuta, andika www.ecitizen.go.ke yote kwa mkono, ifungue, kisha iweke kama alamisho kwa kugusa nyota. Unapoingia kwenye akaunti, anwani hubadilika na kuwa accounts.ecitizen.go.ke. Hilo lisikutie shaka. Cha kuangalia ni maneno yaliyo kabla tu ya mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti: lazima yaishie kwa ecitizen.go.ke. Maneno hayo yakiwa mwanzoni, kisha yakafuatwa na nukta na jina jingine, hiyo si tovuti ya eCitizen. Kanuni hiyohiyo inatumika kwa tovuti ya kaunti, kilifi.go.ke.

Iko ishara nyingine ambayo wengi huipita. Nenosiri lililohifadhiwa kwenye brauza limefungwa na anwani yake. Kama kila siku brauza hukujazia nenosiri la eCitizen na leo imekaa kimya, usikimbilie kuliandika mwenyewe. Soma anwani kwanza.

Aliyekwisha kuandika nenosiri kwenye ukurasa asioutambua asiishie kufuta historia, maana kufuta kwenye simu hakufuti kilichotumwa. Aingie mara moja kwenye tovuti sahihi na kubadilisha nenosiri, na kama analitumia kwenye barua pepe au akaunti nyingine, alibadilishe na huko pia. Kama aliandika namba ya siri ya M-Pesa, abadilishe hiyo kabla ya kingine chochote. Ukurasa halali wa malipo hauombi namba hiyo. Huandikwa kwenye M-Pesa yenyewe, katika simu ya mwenyewe.