Pesa imekataa kuingia kwenye simu? Huenda ni daraja la akaunti yako

Chukulia mfano wa mama wa Jambiani anayenunua mwani kwa wenzake na kuuza kwa mfanyabiashara wa Mjini. Kwenye simu yake ana shilingi milioni 3.8. Mteja anamrushia milioni 1.5, lakini pesa haziingii. Tatizo si mtandao. Tuseme daraja lake linaruhusu salio lisilozidi milioni 5. Nafasi iliyobaki ni milioni 1.2, na mfumo haupokei nusu nusu, unakataa muamala wote. Hapo mteja atume kidogo, au mama apunguze salio kwanza.

Vikomo viko vitatu

Cha kwanza ni cha muamala mmoja, cha pili ni jumla ya miamala ya siku, cha tatu ni salio linaloweza kukaa kwenye akaunti. Watu wengi huvichanganya. Ukitoa pesa kwa wakala, nafasi ya salio inafunguka hapo hapo. Lakini kama umemaliza kikomo cha siku, kutoa pesa hakusaidii kitu. Ni kusubiri kesho.

Kwa nini vipo?

Kampuni za simu hazijipangii tu. Tanzania ina Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 na kanuni za fedha za kielektroniki za mwaka huo huo, na msimamizi ni Benki Kuu. Wazo lake ni jepesi: kadiri mwenye akaunti anavyojulikana kidogo, ndivyo anavyoruhusiwa kupitisha pesa kidogo. Aliyejisajili kwa taarifa chache yuko chini, aliyethibitishwa ana kwa ana yuko juu yake, na mwenye biashara yuko juu zaidi.

Bila ngazi hizo, mtu angeweza kupitisha pesa za wizi au rushwa kwenye laini isiyojulikana ni ya nani. Na kikomo kinamlinda hata mwenye simu: tapeli akipata namba ya siri usiku, hawezi kuhamisha zaidi ya kiwango cha siku.

Vikomo hubadilika. Kenya, Agosti 2023, kikomo cha muamala mmoja wa M-Pesa kilipanda kutoka shilingi za Kenya 150,000 hadi 250,000, na cha salio kutoka 300,000 hadi 500,000, kwa idhini ya Benki Kuu ya huko. Kwa hiyo usitegemee kiwango ulichoambiwa miaka iliyopita. Piga huduma kwa wateja uulize cha leo.

Namna ya kupanda daraja

Anza kwa kujua laini imesajiliwa kwa jina la nani. Piga:

```
*106#
```

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Laini anatumia mama, lakini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mwanawe au mume. Akaunti ya pesa hufuata jina hilo, kwa hiyo mama hawezi kuipandisha hata akiwa na kitambulisho chake mkononi. Lazima kwanza umiliki ubadilishwe, na mwenye jina la zamani afike naye dukani.

Kama jina ni lako, panda gari ya Mjini uende duka la kampuni ya simu yako, ukiwa na simu, laini na namba ya NIDA yenye tarakimu 20. Sema wazi kwamba unataka kuthibitisha akaunti ya pesa ipande daraja. Utaweka alama za vidole. Kwa wanaofunga mwani, kamba na maji chumvi huweza kuzilainisha alama mpaka mashine isisome. Ikikataa, osha mikono, ikaushe vizuri, na omba kujaribu vidole vingine.

Angalia pia majina na tarehe ya kuzaliwa. Herufi moja ikitofautiana na ya NIDA, maombi yanaweza kurudi.

Mwenye biashara, kama huyu mnunuzi wa mwani au mwenye nyumba ya wageni, aulizie akaunti ya biashara badala ya kutumia laini yake binafsi. Hapo ataulizwa namba ya mlipakodi na leseni.

Jihadhari na hili

Kupanda daraja hakuhitaji namba ya siri kutajwa kwa mtu yeyote. Akikupigia mtu akasema "tunakupandishia kikomo, nitajie namba ya siri", kata simu. Kisha tuma namba yake kwenda 15040, ambako namba za matapeli huripotiwa bure.