Tangazo Linapoingia Vitunguu Vikiwa Motoni

Mpishi anataja viungo vya biriani, mtazamaji anaandika. Iliki kijiko kimoja. Mdalasini vijiti viwili. Karafuu… na hapo hapo skrini inabadilika: kijana mwenye meno meupe anatangaza mkopo wa simu. Mtazamaji ana mikono ya unga, hawezi kubofya kitufe cha kuruka. Tangazo linapokwisha, mpishi ameshafika kwenye bizari. Karafuu ni ngapi, hajui. Anarudisha nyuma, au anafunga na kutafuta biriani ya mtu mwingine.

Hayo ndiyo matangazo ya katikati, yanayoingia video ikiwa imekwisha kuanza. YouTube inaruhusu mwenye chaneli kuyaweka kwenye video yenye dakika 8 au zaidi. Kabla ya mwishoni mwa Julai 2020 kiwango kilikuwa dakika 10, na ndiyo maana video nyingi za zamani zilivutwavutwa hadi zikavuka dakika ya kumi kwa sekunde chache. Katika mapato ya matangazo yanayoonyeshwa kwenye video ndefu, mwenye chaneli hupata asilimia 55. Basi anayepika biriani ana sababu ya kutaka tangazo liwepo. Anachobaki kuchagua ni mahali pa kuliweka, na bei atakayolipa kwa kuliweka hapo.

Bei hiyo inasomeka kwenye grafu moja ndani ya YouTube Studio. Mstari unaanzia juu kushoto, ambako wote waliofungua video wapo, na kushuka kuelekea kulia kadiri wanavyoondoka. Nusu dakika ya kwanza huwa ni mporomoko: waliobofya kwa bahati mbaya na waliodhani ni kitu kingine wanatoka. Kisha mstari unatulia na kuwa mteremko mpole. Mahali watu wanaporudisha nyuma kutazama tena, unanyanyuka kama kichuguu. Wanaporusha mbele, unazama na kuibuka.

Tangazo lenyewe halionekani kwenye grafu. Muda unaohesabiwa pale ni wa video tu, kwa hiyo tangazo la sekunde 15 halichukui nafasi yoyote. Kinachoonekana ni ngazi: mstari unateleza taratibu, ghafla unadondoka wima, kisha unaendelea kuteleza kama kawaida. Walioondoka wakati tangazo likiendelea wote wanahesabiwa kana kwamba wametoka katika sekunde ile ile moja.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaona ngazi, wanalaumu tangazo kwa kimo chake chote.

Tuchukue mfano, na tarakimu zake ziwe za kufanyia hesabu tu. Video ya biriani ina dakika 14. Mpishi ameipandisha bila tangazo la katikati, akaiacha siku kadhaa, watu 10,000 wakaifungua. Dakika ya 4:00, katikati ya kutaja viungo, asilimia 53 bado wapo. Sekunde kumi baadaye wapo 52.7. Mstari umetulia, maana kila mtu anaandika. Dakika ya 5:24 vitunguu vimekuwa rangi ya dhahabu, mpishi anaviopoa, anasema "haya", anafuta mikono na kugeukia nyama. Kuna sekunde mbili za kimya. Hapo grafu inaonyesha 51, na sekunde kumi baadaye 50. Asilimia moja nzima imeondoka bila kusukumwa na tangazo lolote: ni wale waliokuja kujifunza kukaanga vitunguu tu, na shida yao imekwisha.

Sasa anaweka tangazo dakika ya 4:00. Kundi jingine la watu 10,000 linaonyesha mstari ukishuka kutoka 53 hadi 48. Analihamishia dakika ya 5:24, na kundi la tatu linashuka kutoka 51 hadi 48. Mtu wa haraka atasema ni pointi 5 kwa 3, tofauti si kubwa. Lakini lazima kwanza awatoe wale ambao wangeondoka hata bila tangazo. Kwenye viungo wangeondoka 0.3 tu, kwa hiyo tangazo limefukuza pointi 4.7, yaani watu 470. Kwenye vitunguu wangeondoka pointi 1, kwa hiyo tangazo limefukuza 2, yaani watu 200. Ukiwapima dhidi ya waliokuwepo wakati huo, la kwanza limefukuza karibu 9 katika kila 100, la pili karibu 4. Tangazo ni lile lile na mpishi ni yule yule, ila madhara yamepungua kwa zaidi ya nusu.

Kwa nini pumziko lipunguze hasara? Mtu aliyekatizwa katikati ya orodha amebeba kitu kichwani ambacho hakijakamilika, na tangazo linakipokonya. Aliyekatizwa baada ya vitunguu kuopolewa hana anachopoteza. Hata wakati huo jicho lake lingehama kidogo. Redio imejua hili siku nyingi. Mtangazaji husema "usibanduke" baada ya mgeni kumaliza jibu, hamrukii mgeni akiwa amefungua mdomo.

Lakini grafu peke yake haiwezi kumwonyesha mpishi ile sekunde ya kimya. Takwimu ambazo YouTube inazitoa kwa programu za uchambuzi huigawa video yoyote, fupi au ndefu, katika vipande 100. Kwa video ya dakika 14, kila kipande kina zaidi kidogo ya sekunde 8, na ndani ya sekunde 8 mtu anamaliza sentensi mbili na kuanza ya tatu. Grafu inaelekeza mtaa, nyumba yenyewe hutafutwa kwa sikio: mpishi anarudi kwenye video, anasikiliza pale sauti inapotua, na kuweka alama ya tangazo baada ya neno la mwisho, kabla ya pumzi ya neno linalofuata. Kosa la nusu sekunde linatosha kumeza silabi.

YouTube yenyewe ina mfumo unaotafuta mapumziko hayo. Mwaka 2025 ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 12 Mei matangazo ya katikati yataonyeshwa zaidi kwenye mapumziko ya asili, kama kimya na mabadiliko ya tukio, na kupungua katikati ya sentensi. Mwenye chaneli anayeweka alama kwa mkono huambiwa kama mahali alipochagua panakera. Msaada upo, ingawa mashine inayosikia kimya haijui kama mpishi amenyamaza kwa sababu amemaliza, au kwa sababu anainamia sufuria kusikiliza kama maji yamekauka. Kimya cha pili hakifai kabisa. Kila anayetazama naye anasikiliza.

Kuna mapumziko mengine yanayotamanisha bure. Dakika ya 12:30 mpishi anafunua sufuria na kusema biriani iko tayari. Ni pumziko zuri, sauti imetua, sura imefunguka. Ila kwenye grafu mstari unaanza kuporomoka hapo hapo, kwa kuwa mtazamaji akishaona chakula kimeiva anaaga. Tangazo hapo ni kama mchuuzi aliyesimama kwenye mlango wa kutokea: wanaopita ni wengi, wanaosimama ni wachache. Pumziko linalofaa lina mstari uliotulia pande zote mbili. Kabla yake watu walikuwa wamekaa, na baada yake, kwenye video isiyo na tangazo, waliobaki waliendelea kukaa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na Shunmuga Krishnan wa kampuni ya Akamai na Ramesh Sitaraman wa Chuo Kikuu cha Massachusetts unaeleza kwa nini watu huvumilia katikati kuliko mwanzo. Walichunguza matangazo milioni 257 yaliyoonyeshwa ndani ya video za mtandaoni. Matangazo ya katikati yalitazamwa hadi mwisho kwa asilimia 97, ya mwanzo kwa asilimia 74, na ya baada ya video kwa asilimia 45. Sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba aliyefika katikati tayari ni mtu mwenye nia. Walipolinganisha watazamaji wanaofanana, tofauti ilipungua lakini haikufutika. Tahadhari ipo: katika YouTube ya leo matangazo mengi yana kitufe cha kuruka baada ya sekunde 5, kwa hiyo asilimia 97 isichukuliwe kama ahadi.

Tukirudi kwa mpishi wetu, hesabu yake ina matundu mawili. La kwanza ni kwamba alama ya tangazo ni nafasi tu. Anayelipia YouTube Premium hakioni kitu, na mwingine haoni kwa sababu ametoka kuona tangazo dakika mbili zilizopita. Ikiwa nusu tu ya wale 5,100 waliofika kwenye vitunguu walionyeshwa tangazo, basi wale 200 wametoka ndani ya watu 2,550, na hasara ya kweli kwa anayeliona inakaribia 8 katika 100. Ngazi kwenye grafu daima ni fupi kuliko kero yenyewe.

La pili ni watu. Siku za kwanza video hutazamwa na waliojisajili, ambao wanamjua mpishi na wana subira. Wiki zinazofuata wanaingia wageni kutoka kwenye utafutaji, wanaotaka kipimo cha mchele na si salamu. Akilinganisha siku za bila tangazo na wiki za tangazo, analinganisha jamaa na wapita njia. Ndiyo sababu ya kutazama kimo cha ngazi tu, si urefu wa mstari mzima, na kuwatenganisha waliojisajili na wasiojisajili, jambo ambalo Studio inaruhusu.

Halafu kuna ugumu usiokwepeka. Grafu ya video yenye tangazo tangu siku ya kwanza imeshachafuka: ngazi iliyochimbwa na tangazo inafanana sana na pumziko la asili, na mtu anaweza kulihifadhi tangazo lake mahali pabaya akidhani watu huondoka hapo wenyewe. Ili aone mstari safi inabidi aache siku za mwanzo bila tangazo, na kwa chaneli nyingi siku hizo ndizo zenye watazamaji wengi. Kwa habari za uchaguzi au mechi ya jana haiwezekani. Grafu huchukua siku moja au mbili kukamilika, na hadi hapo habari imeshachacha. Biriani ina nafasi, kwa kuwa inatafutwa kila Ijumaa na kila Idi.

Mpishi mwenye akili hafanyi hivyo kwa kila video. Anaitoa moja katika sita au saba, anasoma mstari wake safi, na kugundua kwamba watazamaji wake hutulia kila mara nyama inapolazwa kwenye mtindi na kuanza kuhangaika mchele ukioshwa. Siku ya kurekodi pilau anajua mapema. Anaiweka nyama kwenye bakuli, anafunika, anatazama kamera bila kusema kitu kwa sekunde mbili, kisha anashika ungo wa mchele.